Nimeota mara tatu mashua ikipinduka: je, Mungu ananizuia?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa washauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Maweni hapa Malindi na kazi yangu ni kushona. Mume wangu ni mvuvi katika mashua ya mtu mwingine. Sasa anataka tuuze kiwanja cha Msabaha tulichonunua pamoja, ili anunue mashua yake ya faiba na mashine. Wakili anatusubiri mwisho wa mwezi tukatie sahihi.

Tangu mwezi wa tano uanze nimeota mara tatu mashua inapinduka. Maji ni ya matope, mume wangu simwoni, na marehemu baba yangu, aliyefariki mwaka jana, amesimama ufuoni amejitanda blanketi la hospitali, ananiita jina langu. Hasemi neno jingine. Naamka moyo unadunda, jasho limenilowesha. Ndoto ya pili ilikuja alfajiri baada ya kesha la Ijumaa, tukiwa kwenye mfungo wa siku saba. Labda niseme pia kwamba mwezi wa nne nilianzishiwa dawa ya presha.

Mama mmoja wa maombezi kanisani kwetu anasema Mungu amesema mara tatu, jambo limethibitishwa, nisitie sahihi, na nitoe sadaka ya shilingi 5,000 kufunga mlango wa mauti. Shangazi yangu wa Kakuyuni anasema ni koma, yaani roho ya marehemu: baba anadai haki yake. Mume wangu anasema ni woga wangu tu. Nami kila nikiamua sitatia sahihi, napata amani kubwa. Je, amani hiyo si Roho Mtakatifu? Nitajuaje?

Mama wa watatu, Maweni

*

Dada yetu, asifiwe sana.

Chukua karatasi uandike ndoto yako jinsi ulivyoiona, bila kuongeza kitu, kisha tafuta ndani yake neno "usitie sahihi". Halimo. Hakuna kiwanja, hakuna wakili, hakuna katazo. Kuna mashua, maji, mzee wako na jina lako. Neno la kukataza uliletewa ukiwa macho, na mtu ambaye hakuota.

Tumeanza hapo kwa sababu waumini wengi huteleza hapo. Ndoto ina maswali matatu: imetoka wapi, ina maana gani, na inanitaka nifanye nini. Kila swali lina jibu lake, na mtu anaweza kupatia la kwanza akakosea la tatu. Katika Matendo 21, nabii Agabo alijifunga kwa mshipi wa Paulo kule Kaisaria akasema kwamba mwenye mshipi huo atafungwa vivyo hivyo Yerusalemu. Ujumbe ulikuwa wa Roho na ukatimia. Lakini waliokuwapo waliposikia walianza kulia na kumsihi Paulo asipande kwenda Yerusalemu, na Paulo hakukubali. Agabo alisema kitakachotokea, na "usiende" ikaongezwa na mapenzi na hofu ya ndugu. Kwa hiyo hata kama ndoto yako ingekuwa ya Mungu kabisa, bado hujaambiwa ukatae mashua. Huenda ukawa umeambiwa umwombee mume wako, au umkazanie awe na majaketi ya kuokoa maisha ndani ya chombo.

Basi turudi kwenye swali la kwanza, taratibu.

Biblia yenyewe haisemi kila ndoto ni ujumbe. Mhubiri 5:3 inasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Isaya 29:8 inamtaja mwenye njaa anayeota anakula, akiamka tumbo ni tupu, na mwenye kiu anayeota anakunywa. Hizo ni ndoto za mwili na za mchana wa jana, na nabii anazitaja kama jambo ambalo kila mtu analijua. Upande wa pili, Yoeli 2:28 na Ayubu 33:15 zinasema Mungu husema na watu kwa ndoto. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alizipanga ndoto kwa vyanzo vyake: tumbo lililoshiba au lililo tupu, udanganyifu, mawazo ya mtu, ufunuo, na kisha zile zilizochanganyika, ambamo mawazo ya mtu mwenyewe yanaungana na udanganyifu au na ufunuo. Ushauri wake ulikuwa kwamba, kwa kuwa vyanzo ni vingi hivyo, mtu asiwe mwepesi wa kuziamini. Hayo ya mchanganyiko tunakuomba uyashike, kwa sababu watu huuliza "ni ya Mungu au si ya Mungu?" kana kwamba ndoto nzima lazima ianguke upande mmoja.

Uchunguzi wenyewe unafanywa hivi. Weka daftari na kalamu kando ya kitanda, simu uiache mbali. Ukiamka na ndoto, iandike papo hapo kabla hujasimama na kabla hujamsimulia mtu, kwa sababu ndoto hufutika katika dakika chache, na kusimulia kunaibadilisha. Msikilizaji akiuliza "baba alikuwa na huzuni?" kesho utakumbuka huzuni ambayo hukuiona. Andika picha kwanza, halafu maneno yaliyosemwa kama yapo, halafu ulivyojisikia ulipoamka. Maana usiiandike kabisa siku hiyo. Chini yake ongeza saa uliyolala na saa uliyoamka, ulichokula usiku, dawa uliyomeza, na kama ulikuwa kwenye mfungo au kesha.

Jioni, daftari likiwa mbele yako, kamata picha moja moja na uitafutie chimbuko katika siku saba zilizopita. Tunasema saba kwa sababu waliochunguza usingizi wamegundua kwamba mambo ya mchana huingia ndotoni hasa kwa mikupuo miwili: ya jana au juzi, kisha yale ya siku tano hadi saba nyuma. Mtu anayekumbuka jana peke yake hukosa chimbuko la Jumanne iliyopita, akadhani picha imeshuka kutoka mbinguni.

Jaribu na ndoto yako. Maji ya matope: mwezi wa tano ni masika, na Mto Sabaki unapofura unamwaga tope lake baharini hadi ghuba yetu yote inageuka rangi ya udongo. Macho yako yameona maji hayo ufuoni hapa hapa. Mashua kupinduka: mwezi wa tano kusi imeingia, bahari imechafuka, na wavuvi hawaongei jambo jingine ila nani ametoka, nani amerudi na nani amechelewa. Mke wa mvuvi anayasikia hayo kila siku, na nyumbani mazungumzo ya mashua mpya yanaendelea juu yake. Blanketi la hospitali: hilo unalijua wewe kuliko sisi. Kama ndivyo ulivyomwona baba mara ya mwisho, basi akili imemchukua pale ilipomwacha. Na msiba ambao haujapita miaka miwili huamshwa na hofu yoyote mpya ya kufiwa, ndiyo maana baba anatokea kwenye ndoto inayohusu mume.

Kila picha yako, basi, ina chimbuko la karibu. Hilo halithibitishi kwamba Mungu hayumo, maana angeweza kutumia tope la Sabaki kusema nawe kama alivyotumia ng'ombe na masuke kusema na Farao. Linachoonyesha ni kwamba ndoto hii haihitaji chanzo kingine ili ieleweke. Na anayedai ina chanzo kingine ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Upande wa mwili kuna mambo mawili yanayoigusa ndoto yako moja kwa moja. La kwanza ni kesha. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na katika kila mzunguko kuna kipindi cha ndoto kali. Vipindi hivyo hurefuka kuelekea asubuhi. Anayekesha huvikosa, na anapolala hatimaye mwili hulipa deni: ndoto huja haraka, ndefu, zenye rangi na nguvu kuliko kawaida. Ukiongeza njaa ya mfungo, inayokatakata usingizi, utaamka katikati ya ndoto mara nyingi na kuikumbuka vizuri. Kwa sababu hiyo ndoto za wiki ya mfungo zinaonekana nzito. Mfungo na kesha ni vyema, sisi pia tunavihimiza, ila ukali wa ndoto ya alfajiri baada ya kesha usiuhesabu kama ushahidi. Ndoto yako ya pili iweke pembeni unapopima.

La pili ni dawa. Zipo dawa za presha zinazojulikana kwa kuleta ndoto za kutisha, propranolol ikiwa mojawapo. Nyingine zenye sifa hiyo ni meflokwini ya malaria na efavirenzi ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Angalia jina kwenye pakiti yako. Ulianza mwezi wa nne, ndoto zikaanza wa tano. Usiiache wala usipunguze kidonge kwa uamuzi wako, maana presha inayopanda ghafla ni hatari kuliko ndoto. Nenda kliniki uliyoandikiwa, useme, "Tangu nianze dawa hii naota vibaya," waone kama kuna ya kubadilisha. Jambo hili lingeweza kumaliza habari yote, na ni mara chache sana mwombezi huuliza habari za vidonge.

Sasa ile "mara tatu". Mama wa maombezi anasimama juu ya Mwanzo 41:32, Yusufu anapomwambia Farao kwamba ndoto imekaririwa kwa kuwa neno limethibitishwa na Mungu. Soma sura yote. Farao aliota mara mbili usiku uleule, na picha zilikuwa tofauti: kwanza ng'ombe, kisha masuke. Picha mbili zisizofanana zilibeba ujumbe mmoja. Vivyo hivyo Petro katika Matendo 10: kitambaa kilishushwa mara tatu katika maono yale yale, na akiwa bado anashangaa, watu waliotumwa na Kornelio wakawa wamesimama mlangoni wakimuulizia. Jambo la nje likakutana na la ndani bila Petro kulitafuta. Yako ni picha ileile, inayorudi baada ya siku kadhaa, ikifuatana na mgogoro ambao haujaamuliwa. Hivyo ndivyo wasiwasi unavyorudia. Jambo lisipomalizwa mchana, usiku hulifungua tena mahali palepale. Mara nyingi sana ndoto ya namna hiyo hukoma siku uamuzi unapofanyika, uwe wa kukubali au wa kukataa.

Jasho na moyo kudunda havitusaidii upande wowote. Nebukadreza alifadhaika kwa ndoto iliyotoka kwa Mungu, na mke wa Pilato aliteseka sana katika ndoto kwa ajili ya Yesu. Wapo pia wanaotoka jasho kwa sababu ya chumba kisicho na upepo. Hofu inakueleza jinsi jambo lilivyo kubwa kwako. Aliyelileta haikutajii.

Tumefika kwenye swali lako lenyewe, la amani, na hapa tunaomba uvumilie kidogo, maana ndipo wapendwa wengi wanapopotea kwa nia njema. Mtu anayeogopa kitu akiamua kutokikaribia, hupata nafuu papo hapo. Anayeogopa sindano hupata nafuu ileile akiamua kutokwenda hospitali. Nafuu hiyo ni tamu, inafanana sana na amani, na huja kwa kila mtu, aliyeokoka na asiyeokoka. Kwa hiyo ladha ya mwanzo haitoshi. Ignasi wa Loyola alijifunza hili akiwa kitandani, baada ya mguu wake kuvunjwa na mzinga vitani Pamplona mwaka 1521. Aliona kwamba mawazo ya namna mbili yote yalimfurahisha wakati yakimjia, ila baada ya saa kadhaa aina moja ilimwacha mkavu na mwenye kuchoka, na nyingine ilimwacha bado ana furaha. Tangu hapo akawa anaangalia kinachobaki baada ya wazo kupita.

Nawe fanya hivyo kwa mpango. Kwa siku tatu, ishi moyoni kama mtu aliyekwisha kukataa. Usimtangazie mtu, wewe omba, shona, pika ukijua kwamba kiwanja kipo na mashua haipo. Asubuhi na jioni andika mistari miwili tu: najisikiaje kwa Mungu, najisikiaje kwa mume wangu. Siku tatu zinazofuata, ishi kama aliyekwisha kutia sahihi, uandike vivyo hivyo. Angalia kinachotokea siku ya pili na ya tatu. Nafuu ya woga huisha haraka, na mahali pake huingia woga mwingine: je, ataendelea kuvua kwa watu hadi lini, ada italipwaje, na je, hatanichukia? Amani ya Mungu hustahimili maswali hayo. Haikuzuii kuyauliza, haikufanyi umwone mume wako kama adui, na haikuharakishi. Ukiona siku zote sita zimejaa giza tupu, usiamue lolote bado. Ignasi alikataza kabisa mtu kubadili uamuzi wakati roho yake iko gizani.

Kuhusu Neno: kupima ndoto kwa Maandiko ni lazima, na Kumbukumbu 13 inasema hata ishara ikitimia, kama ndoto inakuvuta umwache Mungu, mwotaji asisikilizwe. Lakini kipimo hiki hukata pale ambapo ndoto inaamuru dhambi au mafundisho ya uongo. Hakuna mstari unaokataza mashua ya faiba, wala unaoiamuru. Ukianza kufungua Biblia kwa kubahatisha mpaka upate mstari wenye neno "bahari", utaupata, maana ni mingi, na hutakuwa umepima kitu. Pale Maandiko yanapoacha mlango wazi, muumini anatumia busara, ukweli wa mambo na mashahidi.

Mashahidi wachague vizuri. Paulo aliona maono ya usiku kule Troa, mtu wa Makedonia akimwita, lakini Luka anaandika kwamba "tuliona hakika" kuwa Mungu ametuita. Aliona mmoja, wakahakikisha wengi. Tafuta watu wawili au watatu wanaowajua nyinyi wote wawili, wasiopata chochote kiwanja kikiuzwa au kisipouzwa, na ambao wamewahi kukuambia ukweli usioupenda. Mchungaji wako awe mmojawapo. Uwaone kila mmoja peke yake, uwape daftari wasome wenyewe bila wewe kutaja kwanza alichosema mama wa maombezi wala shangazi. Waulize swali moja tu: "Ungenishauri nini kuhusu mashua kama hii ndoto isingekuwapo?" Jibu la swali hilo litakuonyesha uzito wa ndoto ni kiasi gani katika jambo lote.

Mama wa maombezi huenda anakupenda kweli, lakini shilingi 5,000 zinamwondoa kwenye orodha ya mashahidi. Yusufu gerezani alisema kufasiri ni kwa Mungu, akawafasiria wafungwa wenzake bila kudai malipo. Danieli alimwambia Belshaza abaki na zawadi zake kabla ya kuyasoma maandishi ukutani. Sadaka ni ibada, na unaitoa bure mahali unapoitoa siku zote. Malipo ya kuzuia kifo kilichotabiriwa na mlipwaji mwenyewe ni jambo jingine. Watu wa Malindi hatuna haja ya kuelezwa hatari hii kwa mbali. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa wametenganishwa kwanza na jamaa zao, hospitali na shule. Hatulinganishi kanisa lako na hayo. Tunachosema ni kwamba sauti inayokutaka uamue haraka, kwa siri, bila mumeo, bila daktari na kwa malipo, isimamishwe hapo hapo, hata ikinukuu Biblia vizuri namna gani.

Kwa shangazi, mjibu kwa heshima yake. Wazee wa Kigiriama na Mijikenda wengine waliamini kwamba koma husema kwa ndoto na kudai kukumbukwa, kwa hiyo anakupa alichokirithi, na anakipa kwa kukupenda wewe na kaka yake. Wewe mwambie hivi: "Shangazi, baba namkumbuka na namlilia, lakini kwa imani yangu siwezi kuwauliza wafu wala kuwatolea." Kumbukumbu la Torati 18 limekataza hilo. Kumwona marehemu ndotoni, hata hivyo, si dhambi wala si kuitwa kaburini. Ni majonzi, na ni ya kawaida kabisa. Tena angalia jinsi fasiri ya shangazi na ya mama wa maombezi zinavyokaribiana: zote mbili zinasema kuna anayedai, na kwamba ukitoa utaachiwa.

Mume wako naye amepatia nusu. Ni woga, ndiyo, lakini woga wa mke wa mvuvi wakati wa kusi una sababu, na neno "tu" alipaswa kulimeza. Kaa naye mchana, si usiku ukitoka ndotoni, na usiseme "Mungu amekataa". Neno hilo likishatoka, hana pa kujibia; akikupinga atakuwa anampinga Mungu. Sema, "Naogopa, na ninataka kujua haya." Kisha uliza: faiba ni mpya au imetumika, na fundi gani ameikagua? Mashine ina umri gani, na akiba ya vipuri ipo? Majaketi ya kuokoa maisha yatakuwa mangapi, na je, kila baharia atakuwa na lake? Nani atakuwa nahodha, na siku za kusi kali watabaki nchi kavu au deni litawasukuma watoke? Chombo kimesajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA? Wenzake wa BMU, kikundi cha wavuvi wa ufuo wao, wanasemaje juu ya bei hiyo? Na baada ya kiwanja kuuzwa, itabaki akiba gani kama samaki hawapatikani kwa miezi mitatu?

Majibu yakiwa mabaya, kataa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya wote wawili kabla mali ya ndoa haijauzwa, kwa hiyo una haki ya kusema hapana kwa sababu zilizo wazi, na huhitaji ndoto ikusaidie. Majibu yakiwa mazuri, ndoto itakuwa imewaletea majaketi na mazungumzo mazuri, na wala hutahitaji kwanza kujua kwa uhakika ilitoka wapi ili kuyapata hayo.

Wakati haya yanaendelea, ipunguze ndoto nguvu. Mchana, si kitandani, keti dakika kumi, iandike ndoto upya ukibadilisha mwisho wake wewe mwenyewe: mashua inainuka, mume anaogelea na jaketi lake hadi ufuoni, baba anakupungia mkono na kwenda zake kwa amani. Ipitie akilini kila siku kwa wiki mbili, kisha malizia kwa Zaburi 4:8. Njia hii hutumiwa na washauri wa afya ya akili kutibu ndoto za kutisha zinazojirudia, na haipingani na maombi. Ikiwa unaamka ukishindwa kusogeza mwili, yaani jinamizi, lala kwa ubavu na uongeze saa za usingizi. Mara nyingi hilo hutokana na uchovu. Daftari nalo ulifunge baada ya wiki hizo mbili. Anayeandika kila ndoto kwa miezi hukumbuka ndoto nyingi zaidi na zaidi, akaanza kuishi kwa kuzisoma.

Kama usingizi utaendelea kukatika zaidi ya mwezi, au picha za kifo cha baba zinakujia hata mchana ukiwa kwenye cherehani, au ukianza kuona afadhali usingekuwapo, nenda hospitali uombe kuonana na mshauri wa afya ya akili, siku hiyo hiyo kwa hilo la mwisho.

Na kuhusu tarehe ya wakili: siku sita za kupima, mashahidi watatu, ziara ya kliniki na ukaguzi wa chombo haviwezi kuisha kabla ya mwisho wa mwezi. Mwombe mume wako mwende pamoja kwa wakili kuomba wiki tatu zaidi. Mnunuzi akikataa kungoja, mwulizeni sababu kabla hamjashika kalamu.